Simu janja ya kwanza ya mzee: anzia kwa fundi, ndipo uhesabu miaka

Shangazi yangu alipata simu janja yake ya kwanza akiwa na miaka 69, zawadi ya kijana mmoja wa ukoo. Ilikuwa simu nzuri, nyembamba, ya chapa ambayo mafundi wa karibu hawakuizoea kabisa. Mwezi wa tano ikamponyoka, kioo kikapasuka. Fundi wa kwanza alisema kioo ni cha kuagiza, wa pili akasema hivyo hivyo, wa tatu akakaa nayo wiki mbili. Iliporudi, mwanga ulikuwa hafifu na upande mmoja haukusikia kidole. Shangazi akarudia simu yake ya vibonye, na kwa zaidi ya mwaka hakutaka kusikia habari za "hizo simu za kupapasa".

Kwa hiyo zamu ya pili nilianza na fundi, dukani nikaenda mwisho. Nilipita kwa mafundi wawili walio karibu na anapoishi, nikawauliza kuhusu toleo moja moja. Jina la chapa pekee halisaidii, kwa sababu fundi anaweza kuwa na vioo tele vya toleo moja na asiwe na hata kimoja cha ndugu yake. Swali ni hili: kioo cha toleo hili unacho hapa, na ni halisi au ni kopi?

Hilo la kopi lina uzito. Simu kama Samsung Galaxy A16 hutoka kiwandani na kioo cha aina ya AMOLED, ambacho kila nukta inajiwashia mwanga wake. Kioo halisi cha namna hiyo ni ghali, hivyo sokoni zipo kopi za LCD, ambazo humulikwa na taa ya nyuma. Mara nyingi huwa hafifu juani, na mzee ambaye macho yamechoka ndiye wa kwanza kuumia. Kujua ni rahisi: ingia chumba chenye giza, fungua picha nyeusi tupu na uongeze mwanga hadi mwisho. AMOLED itakuwa nyeusi kama imezimwa. LCD itatoa ukijivu. Simu ikiwa bado ndani ya waranti, usiipeleke kwa fundi wa kawaida kwanza. Ipeleke kituo cha huduma cha kampuni, maana ikishafunguliwa kwingine waranti inaweza kukataliwa.

Baada ya fundi ndipo hesabu ya miaka. Kampuni zinapoahidi miaka ya masasisho, saa huanza kuhesabu toleo linapoingia sokoni, haingoji siku unayolipia. Tuchukue mfano. Galaxy A15 ilitoka Desemba 2023 na ahadi ya miaka 5 ya masasisho ya usalama, kwa hiyo inaishia mwisho wa 2028. A16 ilitoka mwishoni mwa 2024 na ahadi ya miaka 6, inafika mwisho wa 2030. Kwenye kabati la duka zinafanana kama pacha. Ukizinunua siku moja, mwishoni mwa 2026, ya kwanza imebakiwa na miaka 2 na ya pili miaka 4. Kwa mzee tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwetu, kwani kubadili simu kwake ni kuanza darasa upya.

Angalia pia ni masasisho gani yanayoahidiwa. Yako ya usalama, yanayoziba mianya kimyakimya, na yako ya toleo jipya la Android, ambayo wakati mwingine huhamisha vitu mahali pake. Samsung ilipoleta One UI 7, sura yake ya Android, mwaka 2025, pazia la juu liligawanyika: arifa upande mmoja, swichi za intaneti na sauti upande mwingine. Kijana huzoea kwa siku moja. Mzee hukupigia akisema simu imeharibika. Kwa hiyo mimi huhesabu miaka ya usalama. Ahadi ya matoleo mapya mengi hainisisimui.

Ukipita vichujio hivyo viwili, mimi ningepanga hivi.

Nafasi ya kwanza ni Samsung, Galaxy A16 au A17. A17 ilitoka 2025, nayo ina miaka 6. Vituo na spea zake zimeenea nchi nyingi, na ndani kuna hali iitwayo Easy mode. Inakuza maandishi na alama, na pia huongeza muda wa kushikilia kidole kabla simu haijafanya jambo jingine. Wazee wengi hubonyeza kwa kukandamiza kama vibonye vya zamani, wakajikuta wamefungua menyu wasiyoijua. Udhaifu wa simu hizi ni hicho kioo cha AMOLED: kikivunjika, uchungu wake hauko mbali na wa kununua simu nyingine. Kava nene na protekta viwekwe siku hiyo hiyo. Mfuko ukikataa, A06 ina kioo cha LCD kisicho ghali kubadili, na miaka 4 ya usalama kuanzia 2024.

Ya pili ni iPhone, kwa sharti moja: yule atakayekuwa anapigiwa simu za msaada awe naye anatumia iPhone. Maisha yake ni marefu. Zile XR na XS za 2018 zilipokea matoleo mapya ya iOS, mfumo wa iPhone, hadi iOS 26 ya 2025 ilipoziacha. Tangu iOS 17 kuna Assistive Access, inayobakiza vitufe vikubwa vichache tu. Lakini fundi akiweka spea isiyo halisi, kwenye matoleo mengi simu huonyesha ujumbe kwamba haiitambui, na mzee ataufikiria kila siku.

Pixel ya Google ingeshika nafasi ya kwanza kwa karatasi, kwani tangu Pixel 8 ya 2023 ahadi ni miaka 7. Naishusha hadi ya tatu kwa sababu Google haiziuzi rasmi kila nchi, na mahali isipouzwa spea huwa za kuagiza. Hapo tunarudi kwenye kisa cha shangazi.

Tecno, Infinix na itel ni za kundi moja, Transsion, na hurekebishwa na Carlcare, kitengo cha huduma cha kundi hilo. Pale Carlcare ilipo karibu, kwa urahisi wa kutengeneza zinapita hizo zote. Tatizo ni masasisho ya matoleo ya bei ya chini, ambayo kwa kawaida huisha mapema. Zinamfaa anayepiga, anayepokea na anayetazama picha za wajukuu; anayeweka pesa zake ndani ya simu, hapana. Redmi za Xiaomi zinatofautiana mno toleo kwa toleo, kwa hiyo usinunue kabla hujaisoma ahadi ya toleo lenyewe.

Dukani, kabla ya kulipa, washa simu. Bonyeza `*#06#` ulinganishe namba za IMEI na zilizo kwenye boksi. Kisha kwenye Samsung fungua `Settings > About phone > Software information` na usome tarehe ya `Android security patch level`. Tarehe ikiwa ya zamani, unganisha intaneti uombe sasisho. Lisipokuja, na tarehe ni ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, irudishe kabatini.

Shangazi alichukua A16. Ameshaiangusha mara mbili, na safari zote kilichopasuka ni protekta.