Kuweka pesa kwa mashine na hundi kwa bahasha: uzoefu wangu hapa Arusha

Nauza pembejeo karibu na soko la Kilombero, na mauzo makubwa yananiingia jioni, benki ikiwa imeshafunga. Kulala na fedha dukani sipendi, na kwa wakala ukienda na kiasi kikubwa saa hizo, mara nyingi anakuambia hana floti ya kutosha. Kwa hiyo mashine ya kuweka pesa ya benki yangu ndiyo tegemeo langu, na nikipata hundi baada ya saa za kazi natumia sanduku la bahasha lililo pembeni yake. Naziandikia zote mbili kwa pamoja kwa sababu watu wengi wanazichukulia kama huduma moja, wakati hazifanani kabisa. Mashine inahesabu pesa yako wewe ukiwa umesimama pale. Sanduku halihesabu chochote, linatunza karatasi tu mpaka mtu aje alifungue.

Kwa fedha taslimu, mashine naipa sifa zake. Unaingiza kadi au namba ya akaunti, inakuonyesha jina la mwenye akaunti (lisome lote, usipite haraka), unaweka noti, inahesabu, halafu inakuonyesha kwenye skrini noti za 10,000 ni ngapi, za 5,000 ngapi, mpaka jumla. Hapo bado pesa haijawa ya benki. Noti zimeshikiliwa kwenye mfuko wa muda ndani ya mashine, na ukighairi zinarudi mkononi mwako. Ukibonyeza kukubali ndipo zinashuka kwenye kaseti, risiti inatoka na ujumbe wa simu unaingia. Kwangu salio linapanda palepale, hata Jumapili usiku.

Noti za sokoni ndizo zinazoisumbua. Mteja wa Kilombero anakupa noti iliyokunjwa mara nne, nyingine ina unyevu, nyingine imebandikwa selotepu. Mimi nazinyoosha dukani, natoa rababendi na pini, zenye selotepu naziweka kando za kupeleka dirishani. Noti ikikataliwa na mashine haina maana ni bandia. Mara nyingi ni uchafu au kona iliyokunjwa, ukiigeuza na kuirudisha inapita. Jambo moja ninalolisisitiza kwa vijana wa dukani: kabla ya kutoka, andika kwenye karatasi idadi ya kila aina ya noti, si jumla peke yake. Sababu yake ni hii ninayoieleza sasa.

Jumamosi moja jioni nilikwenda na 1,860,000. Karatasi yangu ilisoma: noti 142 za 10,000, noti 66 za 5,000, noti 40 za 2,000 na noti 30 za 1,000. Niliziingiza kwa mikupuo miwili ili mashine isielemewe. Mkupuo wa kwanza, za 10,000 zote, 1,420,000, ulipita vizuri, risiti na ujumbe vikaja. Mkupuo wa pili ulikuwa wa 440,000. Mashine ikarudisha noti moja ya 2,000, skrini ikasoma 438,000, nikabonyeza kukubali. Ikanguruma kidogo, halafu skrini ikabadilika ikasema huduma haipatikani. Risiti haikutoka, ujumbe haukuja, na noti hazikurudi.

Katika hali hiyo cha kwanza ni kutobanduka pale. Mtandao ukikatika, mashine inaweza kujiwasha upya na kusukuma nje noti zilizokuwa kwenye mfuko wa muda, na ukiwa umeshaondoka atakayezikuta ni mtu wa nyuma yako. Mlinzi alinishauri nirudi Jumatatu, lakini nilisimama mpaka mashine ikawaka tena na nikaona mdomo wake hautoi kitu. Kufikia hapo nilishapiga picha ya skrini pamoja na namba ya mashine iliyobandikwa juu yake, na saa nimeiandika. Kisha nikapiga simu ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwenye mashine yenyewe. Namba unayopewa na mtu aliyesimama jirani achana nayo, na PIN haihitajiki popote katika malalamiko ya aina hii. Dada aliyepokea alinipa namba ya malalamiko, nikaiandika chini ya karatasi yangu ya noti.

Jumatatu asubuhi nilikuwa tawini. Ofisa alinikaribisha vizuri, akaniuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Mama, ulibonyeza kukubali au ilikata kabla?" Ndilo swali lenyewe. Ikikata kabla, noti zilipaswa kurudi, na kama hazikurudi zitakuwa zimekwama njiani au zimevutwa kwenye sehemu ya noti zilizokataliwa. Ikikata baada ya kukubali, noti ziko kwenye kaseti lakini taarifa haikufika kwenye akaunti. Kwa vyovyote vile pesa iko ndani ya mashine, nje ya hesabu.

Alinieleza wanavyoitafuta. Mashine ina kumbukumbu yake ya ndani inayoandika kila hatua: kadi imeingia saa ngapi, noti ngapi zimehesabiwa, kitufe gani kimebonyezwa. Siku mashine inapofunguliwa kutolewa fedha, wahusika wanahesabu noti zilizomo na kulinganisha na zile ambazo mfumo unasema zimepokelewa. Fedha ikizidi, hiyo ziada inatafutiwa mwenyewe. Ukiwa umeandika "laki nne na kitu, Jumamosi jioni", wanaanza kubahatisha. Ukiwa umeandika noti 66 za 5,000, noti 39 za 2,000 na noti 30 za 1,000, jumla 438,000, pamoja na namba ya mashine na saa, wanakulinganisha na kumbukumbu mstari kwa mstari. Kwangu ziada ilikuwa 438,000 kamili, na pesa iliingia kabla ya wiki kuisha.

Kwa hiyo ukiona imechelewa usiulize tu "lini itaingia". Uliza mashine imeshafunguliwa na kufungwa hesabu au bado. Kama bado, hakuna mtu wa tawi anayeweza kukuthibitishia chochote, maana noti zako hazijaonwa na binadamu. Kama imeshafungwa na hawakuona ziada, omba jibu la maandishi. Malalamiko yakigoma kabisa, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na ina tawi hapahapa Arusha. Ila utaulizwa kama benki yako uliianza kwanza, hivyo nakala ya barua yako na namba ya malalamiko uzitunze. Na risiti za mashine zipige picha siku hiyohiyo. Karatasi yake inaandikwa kwa joto, ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au juu ya kaunta yenye jua inafutika ikabaki nyeupe.

Sasa sanduku la hundi, ambalo silipi sifa kama mashine. Shule na hoteli kadhaa zinanilipa kwa hundi. Unachukua bahasha pale pembeni, unaandika jina la akaunti, namba yake, namba ya hundi, kiasi na simu yako, unatumbukiza. Kipande unachobaki nacho umekijaza wewe mwenyewe. Hakina muhuri wala saini ya mtu wa benki, na kinachoonyesha ni kwamba ulikusudia kuweka hundi, basi. Zipo pia mashine za mtindo wa zamani zinazopokea bahasha na kutoa risiti. Kiasi kinachosomeka kwenye risiti ile ni tarakimu ulizobonyeza wewe, na watakaofungua bahasha baadaye ndio wenye neno la mwisho. Ndiyo maana fedha taslimu siweki kwenye bahasha ya aina yoyote.

Kabla ya kutumbukiza, piga picha hundi mbele na nyuma. Nyuma yake andika namba ya akaunti yako na simu, maana bahasha ikichanika au ikichanganywa hundi ibaki inajieleza. Usiipige pini wala kuikunja, na usiandike wala kugonga muhuri juu ya ule mstari wa namba ulio chini kabisa. Tangu mfumo wa kielektroniki wa kubadilishana hundi uanze mwaka 2015, kinachokwenda benki nyingine ni picha ya hundi pamoja na namba za mstari huo. Namba zikiharibika mashine haizisomi, na hundi inaanza kushughulikiwa kwa mkono.

Mwaka huu shule moja ilinipa hundi ya 2,300,000 siku ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, nikaitumbukiza. Jumatatu jioni wenye mali Dar es Salaam walikuwa wananidai, na akaunti haikuwa na kitu. Hesabu yake ni nyepesi ukiijua: sanduku lilifunguliwa Jumatatu asubuhi, kwa hiyo kwa benki hundi yangu ilipokelewa Jumatatu. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hazikuhesabika. Baada ya hapo picha inatumwa kwenye benki ya shule, nayo inapewa nafasi ya kukubali au kuikataa, ndipo pesa inakuwa huru. Kuna wakati kiasi kinaonekana kwenye salio la jumla lakini ukijaribu kutoa kinakataa. Angalia salio linaloweza kutumika, lile lingine halikulipii mzigo.

Hundi ikichelewa, nauliza tawini maswali matatu kwa mpangilio: bahasha ilifunguliwa siku gani, hundi ilitumwa siku gani, na je imerudishwa? Wakisema bahasha haionekani, picha zangu zinatosha kumwomba mwenye shule aizuie hundi ile benki kwake kabla hajaniandikia nyingine. Ikiwa imerudishwa, naomba hundi yenyewe au hati ya kurudishwa, kwa sababu juu yake imeandikwa sababu. Maneno na tarakimu kutofautiana, saini kukosekana au tarehe kukosewa, hayo mhasibu wa shule anayamaliza kwa kuandika hundi mpya. Kukosa fedha kwenye akaunti ya mwandishi ni mazungumzo mengine, na hapo sitoi mzigo mwingine mpaka ule wa kwanza ulipwe.

Siku hizi hundi yoyote inayozidi milioni moja naipeleka dirishani asubuhi, nagongewa muhuri wenye tarehe kwenye nakala yangu, hata kama foleni imefika mlangoni. Zilizo ndogo, ambazo hakuna anayezisubiri, naendelea kuzitumbukiza. Na fedha za jioni bado zinakwenda kwenye mashine, na karatasi ya noti mfukoni.