Mifuko 1,200 ya simenti kutoka Kigoma hadi Kalemie kwa meli: uzoefu wangu

Nauza vifaa vya ujenzi Kigoma. Mwaka huu nimepeleka simenti Kalemie, Kongo, mara mbili kwa meli ya mizigo, safari ya kwanza mifuko 1,200 na ya pili hivyohivyo. Naandika kwa ajili ya mfanyabiashara anayejiuliza kama Ziwa Tanganyika litamlipa kuliko lori.

Kwenye ramani Kalemie iko ng'ambo tu, kilomita kama 125 kwa mstari ulionyooka. Kwa lori lazima uzunguke ziwa lenye urefu wa kilomita 673. Ukipita kaskazini utavuka Burundi na kuteremka Uvira na Fizi, barabara ambayo madereva wangu hawataki hata kuisikia. Ukipita kusini utaingia Zambia, uende hadi Katanga, kisha uanze kupanda tena. Meli yetu ilitumia saa 9 ikiwa majini. Kwa Kalemie, basi, lori si mshindani. Kwa Bujumbura ningepiga hesabu upya, kwa sababu barabara ya Manyovu ipo na lori linafika hadi mlangoni kwa mteja.

Ila zile saa 9 zisikudanganye. Wakala aliniambia meli inaondoka Jumanne, ikaondoka Jumamosi. Hakuwa mwongo. Meli hizi za mizigo huondoka zikijaa, na "Jumanne" maana yake ni siku ambayo wanatumaini watakuwa wamejaa. Siku tatu tulimsubiri mwenye shehena ya chumvi, na siku moja zaidi nahodha alikataa kutoka kwa sababu ya upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unavuma kwa nguvu ziwani, na mawimbi yake hupanda kwa muda mfupi kuliko mgeni anavyodhani. Siku hizi kabla ya kumuahidi mteja natazama utabiri wa upepo na mawimbi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha naongeza siku 5 juu ya tarehe ya wakala. Mteja anayetaka mzigo siku fulani kamili simwahidi meli.

Sasa upakiaji, maana faida na hasara yangu yote ilikuwa hapo. Mifuko 1,200 ya kilo 50 ni tani 60, yaani malori mawili makubwa. Kila mfuko ulishikwa na mikono ya wachukuzi Kigoma mara mbili, kutoka kwenye lori hadi gatini na kutoka gatini hadi ndani ya falka, chumba cha mizigo cha meli. Kule Kalemie ukashikwa tena mara mbili. Mfuko wa karatasi hauvumilii hivyo. Safari ya kwanza nilipoteza mifuko 31. Iliyopasuka ilikuwa 12, ambayo niliitarajia. Mingine 19 ilikuwa mizima kwa nje, lakini ukiipiga teke inalia kama jiwe.

Nilidhani mvua imeingia. Sarangi, mzee aliyefanya kazi ziwani miaka mingi, akanionyesha ubavu wa ndani wa falka. Ulikuwa na matone. Usiku chuma kinapoa kwa sababu ya maji ya nje, hewa yenye joto iliyofungiwa ndani inakigusa na kugeuka maji. Mifuko yote iliyoganda ilikuwa imeegemea ubavu au imelala moja kwa moja juu ya sakafu ya chuma.

Safari ya pili nilinunua mbao chakavu nikatengeneza chaga ya kuinua safu ya chini, nikawaambia wachukuzi waache nafasi ya shubiri moja kati ya mifuko na ubavu, na nikafunika juu kwa turubai langu mwenyewe. Nilipoteza mifuko 7, yote ya kupasuka. Gharama ya mbao ilirudi palepale. Weka pia karani wako wa kuhesabu mlangoni pa falka. Karani wa meli anahesabu kwa niaba ya meli.

Jambo lililonifanya nirudi kwa meli ileile ni nahodha wake. Kwenye ubavu wa meli, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, kuna nambari zilizochorwa zinazoonyesha meli imezama kiasi gani, na katikati kuna duara lenye mstari. Maji yakifika kwenye mstari huo, upakiaji umekwisha. Tulipomaliza mzigo wangu, mfanyabiashara mmoja akaja na tani 15 za mabati na misumari, akitaka ziwekwe juu ya sitaha.

"Mzee, nafasi si ipo?" akauliza, akionyesha sitaha tupu.

"Shuka nami tukatazame maji, mwanangu," nahodha akamjibu. "Sitaha haijui hesabu."

Nikashuka nao. Meli ile ina urefu wa mita 38 na upana wa mita 8, na alituambia kwamba kila tani 2 na nusu zinaizamisha sentimita 1. Ndiyo kusema tani zangu 60 ziliishusha sentimita 24. Hadi kwenye mstari zilikuwa zimebaki sentimita 3, yaani tani 7 na nusu. Akamkubalia nusu ya mzigo wake, na kwa sharti kwamba uingie chini ndani ya falka, kwa sababu chuma kikikaa juu meli inakuwa nyepesi kulala na nzito kuinuka. Kabla ya kufunga, akasoma nambari pande zote mbili, akisubiri wimbi lipande na lishuke ili achukue katikati yake. Kulia ilikuwa imezama sentimita 8 zaidi ya kushoto. Wachukuzi, kwa manung'uniko mengi, wakahamisha mifuko hadi pande zikalingana. Tulichelewa saa 2 na wala sikulalamika. Kivuko cha MV Nyerere, kilichojaa kupita kiasi, kilipopinduka Ziwa Victoria Septemba 2018 kilikuwa kimekaribia kabisa gati la Ukara.

Tangu siku hiyo sipandishi mfuko kabla ya kutazama mstari ule. Huhitaji cheti chochote. Kama duara au nambari zimefunikwa kwa rangi mpya, au duara liko chini ya maji na bado wachukuzi wanapanda, toa mzigo wako. Zipo pia boti za mbao za Kibirizi, hapahapa Kigoma, zenye bei nafuu na zinazoondoka karibu kila siku. Nimezitumia kwa mzigo mdogo wa kwenda vijijini. Kuvusha ziwa hili zima, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, kwa boti iliyobeba simenti na abiria wamekaa juu yake, hapana.

Malalamiko yangu yaliyobaki ni mawili. Nauli ya meli waliyonitajia haikuwa na gharama za wachukuzi wala za bandari za pande zote mbili, na zote pamoja zilikaribia nauli yenyewe. Ombeni zote ziandikwe mapema. Pili, hati ya shehena iliandikwa "mifuko 1,200, hali haijulikani", maneno yanayomfungia mlango mwenye mzigo akitaka kudai. Safari ya pili niligoma mpaka wakaandika "mikavu, mizima".

Jamaa yangu wa Kalemie alifungua mfuko wa kwanza pale gatini, akachovya mkono, unga ukamwagika katikati ya vidole. "Hii ni simenti," akasema. "Ile ya kwanza ulituletea matofali." Ameagiza mifuko 2,000, na nimemwambia asubiri upepo wa Agosti upite.