Uzoefu wangu na betri ya mtumba ya skuta ya Xiaomi M365: usiipime ikiwa imejaa

Ikiwa mpya, betri hii ni ya volti 36 na ampea-saa 7.8, yaani wati-saa 280. Ndani yake mna seli 30, zimefungwa makundi 10 ya seli tatu tatu. Kila kundi likijaa hufika volti 4.2, kwa hiyo mita ikiwekwa kwenye betri nzima husoma 42. Muuzaji akikuonyesha 41.8, amekuonyesha kwamba imechajiwa, basi. Ndoo iliyojaa mchanga hadi katikati ukiitia maji nayo hufurika mdomoni; betri iliyochoka iko vivyo hivyo. Volti za juu hazikwambii mchanga ni kiasi gani.

Ndiyo maana mimi huomba kuiona ikiwa imebaki asilimia 20 hivi. Makundi yote 10 yamepangwa mfululizo na umeme uleule hupita kote, hivyo kundi dhaifu ndilo huisha kwanza. Likishuka mno, bodi ya ulinzi hukata betri nzima hata kama mengine tisa bado yana nguvu. Hiyo ndiyo skuta inayoonyesha asilimia 30 kisha inazimika ghafla mlimani. Betri ikiwa imejaa ugonjwa huu hujificha, kwa sababu bodi huyasawazisha makundi karibu na volti 4.2. Chini, ambako volti za seli huporomoka haraka, tofauti hujitokeza wazi.

Zipo programu za simu zinazosoma volti za kila kundi moja kwa moja kutoka kwenye bodi. Usipokuwa nayo, fungua kifuniko cha chini, weka mita kwenye volti 20 za DC, upime kati ya pini mbili zinazofuatana kwenye plagi ya nyaya nyembamba iliyo kwenye bodi. Ncha za mita zisigusane hata kidogo, cheche yake huunguza bodi. Katika betri moja niliyopima, makundi tisa yalikuwa kati ya 3.49 na 3.51, la kumi likasoma 3.22. Tofauti ya 0.05 naivumilia, ikipita 0.1 naanza kutilia shaka. Hii ya karibu 0.3 niliikataa hapohapo. Fundi anaweza kubadilisha seli za kundi hilo, lakini seli mpya haziendani na za zamani, na akizilehemu kwa pasi ya risasi badala ya mashine ya kulehemu kwa nukta, joto lenyewe linaziharibu.

Kifuniko kikiwa wazi, tazama pia vipande vya nikeli na vichwa vya seli. Ukungu mweupe au wa kijani ni alama ya maji. Hapo sijadiliani bei, kwa sababu kutu huendelea kula hata baada ya kukausha. Vilevile betri iliyokaa muda mrefu chini ya volti 25, usikubali "kuamshwa" kwake: shaba ndani ya seli huweza kuyeyuka, na ikichajiwa tena inaweza kusababisha shoti ya ndani na moto.

Makundi yakiwa sawa, ndipo napima uwezo uliobaki. Endesha mpaka iishe, kisha chomeka chaja kupitia mita ya matumizi ya umeme, ile ndogo ya kuchomeka kwenye soketi. Betri nyingine ilinionyesha kilowati-saa 0.24 hadi taa ya chaja ikawa kijani. Chaja hupoteza kama asilimia 15 kwa joto, hivyo kilichoingia ni wati-saa 204 hivi. Gawa kwa 280, unapata asilimia 73. Huna mita? Tumia saa. Chaja yake hutoa ampea 1.7, na betri nzima iliyoisha huchukua takribani saa tano kujaa. Ikijaa kwa saa mbili na nusu, nusu ya uwezo imekwenda, au kuna kundi linalofika juu mapema na kukatisha chaji. Rudi ukapime makundi.

Jaribio la mlimani ni la dakika moja: ikiwa na nusu ya chaji, ile ya asilimia 73 ilishuka kutoka volti 37.2 hadi 34.8 kwa ampea 15, ikarudi mara nilipoachia. Hiyo ni nzuri kwa umri wake. Ikishuka zaidi ya volti 4, ukinzani wa ndani umepanda na safari itakuwa fupi kuliko hesabu ya wati-saa inavyosema.

Hiyo ya asilimia 73 niliichukua, kwa sharti moja: ilale usiku kucha bila kuguswa, asubuhi tupime tena. Kundi linaloshuka kwa 0.05 peke yake usiku mmoja linavuja ndani. Hakuna lililoshuka.