Betri ya Simu Imevimba: Tuipime, Tuitoe, Tuipeleke Wapi?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena mezani. Leo hatufungui boksi la simu mpya. Hapa kuna betri mbili chakavu na zote zimevimba. Hii ndogo ni BL-5C, ile ya kitochi, ambayo utaikuta pia kwenye redio ndogo na spika za kubeba mkononi. Hii bapa ni ya simu janja, mAh 5000, ya aina inayogandishwa ndani ya simu kwa gundi. Nitawaonyesha jinsi ya kuzitambua, kilichomo ndani, na namna ya kuziondoa nyumbani bila kumuunguza mtu.

Tuanze na hii ya kitochi kwa sababu kipimo chake kila fundi anakijua. Ilaze mezani, sehemu iwe bapa kabisa, kisha ipige kona kwa kidole. Betri nzima inateleza kidogo na kusimama. Hii yetu, tazameni: inazunguka kama pia. Maana yake tumbo limetoka, inagusa meza kwa nukta moja tu katikati. Hakuna mjadala hapo, hairudi kwenye simu.

Ya simu janja imefichwa, kwa hiyo tunaitafuta kwa alama za nje. Ingia chumba chenye giza, ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, uangalie kingo. Ukiona mwanga unapenya kati ya kioo na fremu, kuna kitu kinasukuma kutoka ndani. Au ilaze simu kifudifudi kwenye kioo cha meza. Msiilaze chali, kamera itawadanganya. Ikibembea, kioo kimeshapinda. Kitufe cha kuwashia kikianza kuwa kigumu upande mmoja, au mfuniko wa nyuma ukiachia kona wakati simu haijawahi kuanguka, shuku betri kabla ya kulaumu gundi. Kuna mtu anaubana mfuniko kwa raba na kuendelea na maisha. Hiyo raba inaigandamiza betri, na huko ndiko tunakoelekea.

Ndani ya betri kuna karatasi mbili ndefu zilizokunjwa pamoja: moja ya shaba iliyopakwa grafiti, nyingine ya alumini iliyopakwa mchanganyiko wa lithiamu na kobalti. Katikati yao kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, unaozizuia zisigusane. Vyote vimeloweshwa kimiminika kinachobeba chaji, na kimiminika hicho kinawaka moto. Betri inapochoka, kimiminika hicho kinavunjika na kutoa gesi: kaboni dayoksaidi, kaboni monoksaidi, haidrojeni na nyinginezo. Mfuko wa nje umezibwa, gesi haina pa kutokea, basi unajaa. Gesi hiyo hainywei simu ikipoa. Betri yoyote hunenepa kidogo sana kadiri miaka inavyokwenda, lakini hii yetu ilipaswa kuwa na unene wa kama milimita 5, na rula hapa inasoma 9.

Nini kinaivunja haraka hivyo? Chukua simu ya dereva wa bodaboda wa mtandao. Imefungwa kwenye usukani, jua la saa saba linapiga kioo, ramani inaendeshwa mfululizo, na waya wa chaji umechomekwa kwenye pikipiki ili asilimia isishuke chini ya 100. Hapo joto na chaji iliyojaa vimekutana, na betri ya lithiamu haina adui mkubwa kuliko viwili hivyo kwa pamoja. Simu ya wakala wa pesa inayolala kwenye chaji dukani mwaka mzima inaumwa ugonjwa huohuo, polepole zaidi. Kwa hao wote, kuishusha chaji ibaki kati ya 20 na 80 kunasaidia kuliko kubadilisha chaja.

Kitochi kilichosahaulika kabatini kinaumwa ugonjwa tofauti. Betri ikiisha na kuachwa miezi mingi, volti zinashuka chini ya kiwango salama, na ile karatasi ya shaba inaanza kuyeyuka ndani ya kimiminika. Siku ukiichaji, shaba inaganda upya mahali isipotakiwa na inaweza kutoboa utando. Kwa hiyo kwa betri iliyokufa kwa muda mrefu, ule ujanja wa kuishtua kwa waya wa chaja ya moja kwa moja siupendekezi hata kidogo.

Chanzo cha tatu ni betri ya kubadilishia isiyo sahihi, na hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Soma maandishi madogo kwenye lebo. Betri za zamani zinajaa kwenye volti 4.2, nyingi za sasa zinafika 4.4 na kitu. Simu imepangwa kuchaji hadi kiwango cha betri yake ya asili. Ukiiwekea betri ya 4.35V kwenye simu inayochaji hadi 4.45V, itaingia vizuri, itawaka vizuri, na kila siku itajazwa kupita uwezo wake hadi ivimbe. Kingine, ipime kwenye mzani wa jikoni. mAh 5000 ya kweli haiwezi kuwa na uzito wa gramu 45, inakaribia 70. Ikiwa nyepesi hivyo, hiyo 5000 ni ya wino tu.

Sasa hatari. Betri iliyovimba inaweza kukaa wiki kadhaa bila kufanya lolote, ndiyo maana watu wanaizoea. Lakini karatasi zake zimeshaachana na kupinda, na utando ule umevutwa. Ukiubana, ukiukunja au ukiutoboa, pande mbili zinagusana na umeme wote unamwagika sehemu moja. Joto likipita kama nyuzi 130, utando wenyewe unayeyuka, mgusano unazidi, joto linajichochea lenyewe na hakuna swichi ya kulizima. mAh 5000 iliyojaa ina umeme wa kutosha kuchemsha kikombe cha maji, na huo ni umeme tu, bado hujahesabu kimiminika kinachowaka. Kosa lenyewe linaweza kuwa dogo mno: kwenye Galaxy Note 7 mwaka 2016, uchunguzi uliotangazwa na Samsung yenyewe ulikuta kwamba kundi moja la betri lilikuwa na kona ya juu kulia iliyobanwa hadi karatasi za ndani zikapinda.

Kwa hiyo tafadhali, suala la kuitoboa kwa sindano ili “itoe hewa”. Linafanyika kwenye vibanda vingi na betri inarudi kuwa bapa, mteja anafurahi. Sindano inaweza kuunganisha zile karatasi mbili papo hapo. Isipounganisha, tundu linaingiza unyevu wa hewa, chumvi ya lithiamu iliyo ndani inakutana na maji na kutengeneza asidi ya floridi, inayochoma ngozi na mapafu. Ukisikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha kwenye simu, mfuko umeshapasuka. Toka nayo nje, usiinuse tena.

Ukigundua imevimba, chomoa chaja na usiichomeke tena. Kama simu ni baridi na kioo kinafanya kazi, hamisha picha na namba zako, kisha iache sakafuni kwenye vigae, mbali na kitanda na pazia, chaji ishuke chini ya 25. Betri yenye chaji kidogo ina nguvu kidogo ya kuwaka. Baada ya hapo zima. Kama ina joto isiyoshikika, inatoa sauti ya kufoka au moshi, achana na picha, fungueni milango na mtoke.

Ya kitochi unaitoa kwa kidole. Ikiwa imekwama, fungua kasha lote, usiichokonoe kwa bisibisi. Ya kugandishwa mwachie fundi, na wewe fundi unayetazama: blowa kaa nayo mbali. Kioo kimeshaachia chenyewe, ingilia pale penye mwanya. Chomoa soketi ya betri kwanza. Dondosha spiriti ya asilimia 90 na zaidi pembeni mwa betri, subiri dakika 2 au 3 gundi ilegee, kisha telezesha kadi ya plastiki ikiwa imelala, kidogo kidogo kutoka upande mrefu. Ikigoma, ongeza spiriti, usiongeze nguvu. Chuma hakiingii chini ya betri hii, hata kile chembamba. Na kwa kuwa spiriti nayo inawaka, jiko na sigara viwe mbali. Pembeni weka ndoo ya mchanga mkavu, ili mambo yakiharibika uisukumie humo na kuitoa nje.

Ikishika moto, maji mengi ndiyo dawa, kwa sababu shida ni joto. Nimeona maoni mengi hapo chini yakisema lithiamu haitakiwi kuguswa na maji. Hiyo ni lithiamu tupu, na betri ya simu haiko hivyo. Mchanga unazuia cheche zisiruke lakini haupoozi ndani, na kuifunika isipate hewa hakutoshi, maana ikichemka sana inatoa oksijeni yake yenyewe. Ikizimika iache nje, inaweza kuwaka tena baada ya muda. Moshi wake usiuvute.

Sasa imetoka, tunaitupaje? Siyo kwenye pipa, lori la taka linaiminya. Siyo kwenye shimo la kuchomea taka, na siyo chooni, ambako metali na kimiminika chake vinaishia ardhini. Ziba vidoto vya dhahabu vinavyopitisha umeme kwa solotepu au utepe wa umeme. Chukua kopo la bati la maziwa ya unga, weka mchanga mkavu chini, betri katikati, mchanga juu. Mfuniko uegeshe tu, usiukaze, gesi ikitoka ipate njia. Kopo likae nje, kivulini, lisinyeshewe, na betri moja kwa kopo moja.

Halafu ifikishe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Nairobi kuna WEEE Centre, Rwanda kuna Enviroserve kule Bugesera. Tanzania, wakusanyaji wanapewa vibali na NEMC, wasimamizi wa mazingira, kwa hiyo muulize mkusanyaji akuonyeshe chake. Piga simu kwanza na useme wazi kwamba imevimba, kwa sababu sehemu nyingine hupokea nzima tu. Usiitume kwa kifurushi cha basi, na kwenye ndege ni marufuku, iwe ndani ya begi la mizigo au la mkononi. Andika kwa kalamu nene juu ya kopo: BETRI IMEVIMBA, USIFUNGUE, pamoja na tarehe uliyoiweka.