Uzoefu wangu na QGIS: viwanja vya Nzuguni vilivyoanzia Norwei, vikapita Bahari ya Hindi, hadi vikatua mahali pake

Natumia QGIS, programu ya kutengeneza ramani kwa kompyuta, karibu kila siku hapa Dodoma, nyingi zikiwa kazi za viwanja na miundombinu ya maji. Nimeipima programu hii kwa mambo mengi, ila leo naandika juu ya jambo moja tu, kwa sababu ndilo linalowapotezea wenzangu siku nzima: shepufaili, yaani data ya ramani inayokuja kwa mafaili kadhaa ya jina moja, lililokuja bila faili la projeksheni.

Kisa chenyewe kilianza na zipu niliyotumiwa kwa WhatsApp, mipaka ya viwanja vya eneo moja la Nzuguni, hapahapa Dodoma. Nilipoifungua nikakuta mafaili matatu: `viwanja.shp`, `viwanja.shx` na `viwanja.dbf`. Kwa QGIS hayo yanatosha kuchora. La kwanza lina maumbo, la pili ni faharasa yake, la tatu ni jedwali la maelezo. La nne, `viwanja.prj`, halikuwemo. Hilo ni faili dogo la maandishi, mistari michache tu, lakini ndilo linalosema namba zilizomo kwenye `.shp` zihesabiwe kutoka wapi, kwa kipimo gani, na juu ya umbo gani la dunia. Likikosekana, namba zinabaki namba.

Nikafungua mradi mpya, nikaweka picha ya setilaiti chini, kisha nikaburuta leya ya viwanja juu yake. Pembeni mwa jina la leya ikatokea alama ya kuuliza. Nikabofya `Zoom to Layer`, na ramani ikaruka hadi baharini, jirani na pwani ya Norwei.

Wengi wakifika hapa husema faili limeharibika. Halijaharibika. Kila mfumo wa namba za ramani una namba yake ya EPSG. Picha za setilaiti za mtandaoni huja kwa EPSG:3857, na kwa kuwa ndiyo niliyoiweka kwanza, mradi wangu ukashika mfumo huohuo. Leya isiyo na projeksheni QGIS haiibadilishi chochote: inachukua namba zake kama zilivyo na kuzichora kana kwamba ni namba za mradi. Namba za viwanja vyangu, zikisomwa kwa mfumo ule, zinaangukia nyuzi 7 mashariki na karibu 64 kaskazini. Programu ilifanya sawasawa na ilivyoambiwa, na napenda kwamba iliweka alama ya kuuliza badala ya kukisia kimyakimya. Tabia hiyo inategemea mpangilio, kwa hiyo angalia kwako: `Settings > Options`, sehemu ya `CRS Handling`, chagua `Leave as unknown CRS` au `Prompt for CRS`. Ukikuta imewekwa `Use default CRS`, leya itabandikwa mfumo wowote uliowekwa pale, alama ya kuuliza haitatokea, na hutajua kama kuna kitu kimekosekana.

Nikampigia aliyenituma. "Hiyo weka tu UTM 37 Kusini, kaka, ndiyo tunayotumia siku zote." Nikabofya leya kwa kitufe cha kulia, `Layer CRS > Set Layer CRS`, nikachagua EPSG:32737, ndiyo UTM kanda ya 37 Kusini kwa WGS 84. Viwanja vikahama Norwei, vikatua Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 200 mashariki ya Unguja.

Mzee mmoja aliyenifundisha upimaji alikuwa na kauli yake: "Mwanangu, usimuulize mtu kanda. Uliza namba." Nikafungua `Properties > Information` na kusoma `Extent` ya leya. Upande wa mashariki namba zilianza na laki nane na elfu kumi na moja hivi, upande wa kaskazini milioni tisa, laki tatu na elfu kumi na tano. Kwa anayefanya kazi Dodoma, hapo jibu la kanda limeshapatikana.

UTM inaigawa dunia kwa vipande vya nyuzi 6. Kanda ya 36 inatoka nyuzi 30 hadi 36 mashariki, na ya 37 kutoka 36 hadi 42. Kila kanda ina mstari wake wa katikati, nyuzi 33 kwa ile ya kwanza na 39 kwa ya pili, na mstari huo hupewa namba 500,000 ili pasiwe na namba hasi. Jiji la Dodoma liko kwenye nyuzi 35.7, yaani ndani ya kanda ya 36 lakini ukingoni kabisa. Dar es Salaam iko kanda ya 37, Kongwa na Mpwapwa vilevile. Ndiyo maana mtu aliyezoea kazi za pwani, au za Kongwa, atakutajia 37 bila kufikiri, na mkoani kwetu atakuwa sahihi nusu ya safari.

Ila namba hazichanganyi. Katikati ya jiji la Dodoma ukiipima kwa kanda ya 36, namba ya mashariki ni kama 803,000. Ukiipima palepale kwa kanda ya 37, ni kama 139,000. Ukiona laki nane kwenye faili la jijini, hiyo ni 36. Ukiona laki moja na ushee, hiyo ni 37. Ukiona 35.8 na -6.2, hizo si mita, ni nyuzi za longitudo na latitudo, basi unatafuta EPSG:4326 au ndugu yake. Na viwanja vyangu viliangukia baharini sambamba na Unguja kwa sababu kukosea kanda moja hukusogeza nyuzi 6 mashariki au magharibi, huku kwetu karibu kilomita 660, wakati latitudo inabaki ileile. Dodoma na mji wa Zanzibar ziko karibu latitudo moja, kwa hiyo safari ilikwenda mashariki moja kwa moja.

Nikarudi `Set Layer CRS`, nikaweka EPSG:32736. Viwanja vikatua Nzuguni. Hapo ndipo wengi huishia, wakashukuru, wakachapa ramani. Mimi nilisogeza karibu, kwa sababu kwenye jedwali kulikuwa na viwanja vilivyoandikwa kwamba vinapakana na barabara. Kwenye picha, mstari wa mbele wa viwanja hivyo ulikuwa unakata katikati ya nyumba za watu, na barabara yenyewe ilikuwa kusini. Nikachukua `Measure Line`, nikapima kutoka kona ya block hadi kona ya makutano ya barabara inayofanana nayo: mita 300 na ushee kuelekea kusini, na kama mita 80 kuelekea mashariki. Nikapima kona nyingine tatu. Umbali uleule, upande uleule.

Mpishano wa namna hiyo, unaofanana kila kona, una jina hapa Afrika Mashariki: Arc 1960. Ndiyo datamu ya zamani ya upimaji wetu, yaani msingi ambao namba zote huhesabiwa kutoka kwake, iliyojengwa juu ya umbo la dunia liitwalo Clarke 1880, na ramani za 1:50,000 za mfululizo wa Y742 ziko juu yake. GPS na picha za setilaiti zinatumia WGS 84. Kanda ni ileile na namba zinafanana kwa sura, lakini namba za Arc 1960 zikisomwa kama WGS 84 kitu husogea takribani mita 300 kaskazini ya mahali pake na kidogo magharibi. Kosa hili naliogopa kuliko la baharini. La baharini linajitangaza lenyewe, hili linaweza kumpa mtu kiwanja cha jirani.

Nikaweka EPSG:21036, yaani Arc 1960 kanda ya 36 Kusini. QGIS ikafungua dirisha la `Select Transformation` na kunionyesha njia kadhaa za kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, kila moja na eneo lake na usahihi wake. Nikachagua iliyoandikwa Tanzania. Mstari wa mbele ukalala kando ya barabara. Dirisha hili nalipa sifa, kwa sababu linakuambia waziwazi kwamba usahihi wa njia hizo ni wa makumi ya mita. Kwa ramani ya mipango inatosha. Kwa kurudisha bikoni iliyong'olewa haitoshi kabisa, hapo atafutwe mpimaji aliye na alama za upimaji za eneo husika.

Sasa malalamiko yangu kwa programu hii. `Set Layer CRS` haiandiki chochote kwenye shepufaili. Inakumbukwa na mradi wako tu. Ukimpa mwenzako mafaili yaleyale matatu, ataanzia Norwei kama wewe. Ili `.prj` iandikwe, fungua `Processing Toolbox`, tafuta `Define Shapefile projection`, chagua leya na mfumo, kisha endesha. Ukiifungua `viwanja.prj` kwa Notepad utaona, kati ya mengine, vipande hivi:

```
DATUM["D_Arc_1960",SPHEROID["Clarke_1880_RGS",6378249.145,293.465]]
PARAMETER["Central_Meridian",33.0]
```

Datamu ndiyo inayoamua zile mita 300, na hiyo 33 ndiyo inayoamua kilomita 660. Mimi huvisoma hivyo viwili kabla ya kumtumia mtu kitu.

La pili ni `Reproject Layer`, inayokaa kwenye orodha ileile ya zana, na wageni huikimbilia kwa sababu ya jina lake. Hiyo inahesabu namba upya kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo inaamini kile ulichotangaza kwanza. Ukiwa umetangaza 32736 kimakosa, halafu uka-`Reproject` au ukahifadhi nakala kwa `Save Features As`, unapata faili jipya lenye `.prj` safi kabisa na namba zilizokosewa mita 300. Hakuna alama ya kuuliza, na anayelipokea hana sababu ya kushuku. Nimeshapokea mafaili mawili ya namna hiyo, na yote niliyagundua kwa kupima kona dhidi ya barabara. Tangaza kwanza, hakikisha juu ya picha, ndipo ubadilishe.

Viwanja vya Nzuguni nilivibadilisha mwishoni kwenda EPSG:32736 halisi, kwa kuwa vijana wa eneo la kazi walikuwa na GPS za mkononi. Nikavihifadhi kama GeoPackage, maana humo projeksheni inakaa ndani ya faili moja na haiwezi kusahaulika nje ya zipu. Jioni wakapiga simu kutoka kwenye kona ya barabara: GPS inasoma mita nne kutoka ilipo kona ya kiwanja kwenye ramani.