Barua ya jina jipya: kukiri kosa au kutangaza tu?

Tuchukue fundi friji wa Mwembe Tayari ambaye jina la duka lake limechafuka kwa kuchelewesha kazi, na sasa anawaandikia wateja kuhusu jina jipya. Barua ya kutangaza tu ni mistari mitatu, inatosha kwenye SMS, na haimfichulii mgeni ubaya asioujua. Lakini mteja wa zamani akilipa kwa M-Pesa na kuona jina lile lile la zamani, atahisi amefichwa jambo.

Hapo barua ya kukiri inashinda: "Tulichelewesha friji zenu. Sasa tunapokea tano tu kwa siku, na risiti za zamani tunazitambua." Gharama yake ni kuitunza ahadi, ukipokea ya sita, barua imekufa.

Ukitegemea wateja wa mtaani, kiri. Ukitegemea wapita njia, tangaza, ila badilisha kwanza jina la namba ya malipo.