Kadi ya sauti ya USB kwa Linux na JACK: ipi ununue, ipi uiache

Kabla hujatoa hela, jiulize kama kweli unahitaji kusikia sauti yako baada ya kupita ndani ya kompyuta. Anayerekodi mwimbaji au mahojiano peke yake hahitaji. Kadi zote nitakazozitaja zina njia ya kupeleka sauti ya maiki kwenye hedifoni moja kwa moja, bila kuipitisha kwenye kompyuta, kwa hiyo mtu huyo aweke bafa, yaani fungu la sampuli ambalo kompyuta inalichakata kwa mkupuo mmoja, ya sampuli 1024 na asihangaike tena. Mwongozo huu ni wa mpiga gitaa anayepitisha gitaa lake kwenye programu ya efekti ya Guitarix kupitia JACK, mfumo unaosafirisha sauti kati ya kadi na programu za Linux, au mwimbaji anayetaka kusikia mwangwi na efekti palepale anapoimba. Kwao sauti ikichelewa, mkono unapoteza mdundo.

Kuchelewa kwenyewe kunahesabika kirahisi. Chukua ukubwa wa bafa, zidisha kwa idadi ya vipindi, yaani bafa ngapi zinapokezana, kisha gawa kwa sampuli za sekunde moja. Kwa sampuli 128, vipindi 3 na kasi ya 48000 unapata milisekunde 8. Huo ni muda ambao sauti inatumia kusafiri kama mita 2.7 hewani, sawa na kusimama hatua chache kutoka kwenye spika yako, na wapigaji wengi hawaoni shida. Ukipanda hadi 256 unafika milisekunde 16, na hapo mpiga gitaa la solo anaanza kulalamika. Kwa hiyo kadi unayotaka ni ile itakayokaa kwenye 128, au hata 64, jioni nzima bila kukatika. Zile 192 kHz zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi hazikuambii lolote kuhusu hilo.

Kwenye Linux hutafuti CD ya draiva. Unatafuta kadi inayofuata kanuni ya jumla ya sauti ya USB, ili draiva ya `snd-usb-audio` iliyomo ndani ya kerneli iitambue yenyewe. Ukiwa Kariakoo au Luthuli Avenue, nenda na laptopu yako, omba kuichomeka kadi hapohapo dukani, kisha andika:

```
lsusb -t
cat /proc/asound/cards
```

Kwenye mstari wa kadi, upande wa kulia, utaona `480M` au `12M`. Usiupite mstari huo. Kadi ya `480M` inazungumza na kompyuta kila sehemu ya nane ya milisekunde, ya `12M` inasubiri milisekunde nzima. Ukishajua jina fupi la kadi, fungua faili yake ya `stream0` iliyo ndani ya `/proc/asound/` utafute neno `ASYNC`. Maana yake kadi inatumia saa yake yenyewe kuongoza mwendo wa sauti badala ya kuifuata kompyuta, na ndivyo unavyotaka.

Nafasi ya kwanza naipa Behringer UMC202HD. Ni `480M`, ina viingilio viwili vya maiki au gitaa, umeme wa 48V kwa maiki za kondensa, na inakula umeme wa USB tu. Kinachonifanya niiweke juu ni kwamba kila kitu chake kiko kwenye vitufe na vinobu vya mkono. Hakuna programu ya Windows iliyoficha mpangilio fulani ambao wewe wa Linux hutaufikia. Ukihitaji MIDI ya plagi ya duara, chukua ndugu yake UMC204HD, ambayo pia ina matokeo manne.

Ya pili ni MOTU M2. Ni ghali zaidi, na kwa masikio yangu sauti yake ni safi zaidi. Ina kioo kidogo kinachoonyesha kiwango cha sauti, swichi ya kuzimia na MIDI. Kama bajeti inaruhusu na unarekodi kazi za watu kwa malipo, ichukue bila kusita. Sikuipa nafasi ya kwanza kwa sababu moja tu: tofauti ya bei haikununulii uthabiti zaidi kwenye JACK.

Ya tatu ni Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu, ambayo mara nyingi hupatikana mkononi mwa mtu. Ni kadi nzuri, ila ikiwa haijawahi kusajiliwa inajitambulisha pia kama flashi ndogo, na katika hali hiyo haivuki 48000. Shikilia kitufe cha 48V kwa sekunde tano wakati wa kuiwasha na hali hiyo inaondoka. Kizazi cha nne kinataka kerneli mpya, 6.8 au zaidi, ili vidhibiti vyake vyote vifanye kazi. Kama unatumia Debian 12 na kerneli yake ya asili, kiache kwanza.

Mwisho kabisa ni Behringer UM2 na UMC22. Majina na sura vinafanana na ile ya kwanza, na wauzaji huzipanga rafu moja, lakini hizi ni `12M` na biti 16. Kwa kurekodi maiki moja zinatosha. Kwa gitaa la moja kwa moja kwenye JACK, ongeza hela.

Sasa tuseme umenunua UMC202HD. Kwenye orodha ya kadi itaonekana kama `U192k`. Jiweke kwenye kundi la `audio`, kisha andika haya ndani ya `/etc/security/limits.d/audio.conf`, utoke kwenye akaunti na kuingia tena:

```
@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited
```

Amri `ulimit -r` ikijibu 95, umefanikiwa. Ikijibu 0, JACK itapanga foleni pamoja na kivinjari chako, na hakuna kadi itakayokuokoa. Washa hivi:

```
jackd -R -P 80 -d alsa -d hw:U192k -r 48000 -p 128 -n 3
```

Vipindi 3, si 2, kwa sababu pakiti za USB hazifiki sawasawa na mwisho wa bafa, na kipindi cha tatu kinabeba tofauti hiyo. JACK ikikataa kwa kudai kadi inatumika, programu ya sauti ya kawaida ya mfumo, PulseAudio au PipeWire, imeishikilia, iachishe kwanza.

Piga gitaa kwa nusu saa huku ukitazama hesabu ya `xrun`, yaani mara ambazo sauti imekatika, kwenye QjackCtl, dirisha la kuendeshea JACK. Ikipanda, usikimbilie kurudisha kadi dukani. Zima Wi-Fi ujaribu tena. Ikitulia, mkosaji ni laptopu. Ondoa kigawanyaji cha USB, hamia tundu la upande mwingine, maana matundu mengine yanashiriki njia moja na kamera au Bluetooth, kisha funga kasi ya prosesa juu:

```
sudo cpupower frequency-set -g performance
```

Milisekunde 8 za QjackCtl ni za hesabu tu. Hazina muda wa kuingia wala wa kadi yenyewe. Ili kupata ukweli, unganisha tokeo la kadi na kiingilio chake kwa kebo fupi, punguza sauti, washa `jack_iodelay`, na uunganishe milango yake kwenye JACK. Itakupa mzunguko mzima kwa milisekunde. Kama muuzaji anakubali kurudishiwa bidhaa, pima siku hiyohiyo.